Kwa Nini Hesabu za Kisiwa Hiki Hugawanyika kwa Tatu

Mashariki ya Nyuzilandi, kilomita 800 hivi ndani ya bahari, kuna visiwa vya Chatham. Ni visiwa vya baridi na upepo mkali. Wenyeji wake wa asili ni Wamoriori, na wakazi wa leo huishi zaidi kwa uvuvi, hasa wa kambakoche, na kwa kufuga kondoo. Katika visiwa vyote hivyo ni viwili tu vyenye watu, na kimoja kati ya hivyo viwili kina makumi machache tu ya wakazi. Hata hivyo Chatham ina halmashauri yake yenyewe, kwa hiyo kila sensa inapotoka hupata mstari wake kwenye majedwali ya taifa, sawa na Auckland, jiji lenye watu zaidi ya milioni moja.

Sensa ya mwaka 2006 iliandika wakazi 609. Ya 2013 iliandika 600, ya 2018 ikaandika 663, na ya 2023 ikaandika 612. Zigawe namba hizo kwa 3, moja baada ya nyingine: zote zinagawanyika bila kubaki kitu. Ukifungua majedwali ya sensa hizo yanayohesabu watu kwa umri, kazi au lugha, utakuta mambo ni yale yale, 0, 3, 6, 9, 12, kutoka juu hadi chini. Watu hawazaliwi, hawafi wala hawahami kwa mafungu ya watatu watatu. Namba hizo zimesogezwa kwa makusudi, na ofisi ya takwimu ya Nyuzilandi haifanyi siri juu ya hilo: inaeleza kwamba kila hesabu imepitishwa kwenye utaratibu wa kuisogeza juu au chini kwa bahati, ili anayesoma jedwali asiweze kumtambua mtu aliyehesabiwa ndani yake.

Ili kuona hatari inayokimbiwa, chukua kijiji kidogo chenye mwalimu mmoja tu mwanamke. Jedwali likisema "walimu wanawake: 1", halijafichua chochote, kwa sababu kijiji kizima kinamjua na kinamwamkia kila asubuhi. Madhara huanza pale ofisi inapochukua kisanduku hicho cha mtu mmoja na kukivuka na swali jingine la sensa, tuseme kipato, hali ya ndoa, ulemavu au mahali alipozaliwa. Sasa ile 1 lazima iangukie kwenye safu fulani, na safu inapoangukia ndilo jibu alilompa karani wa sensa akiwa amekaa naye ukumbini, baada ya kuahidiwa kwamba maneno yake hayatatoka. Jirani anayemjua tayari kwa sura na kwa kazi hahitaji jina liandikwe. Anahitaji tu kufuata mstari mpaka kwenye safu.

Ndiyo maana hesabu ndogo huogopwa zaidi katika maeneo madogo. Katika wilaya yenye watu laki tatu, hata jedwali lenye safu nyingi hubaki na mamia katika kila kisanduku. Katika kisiwa cha watu mia sita, ukigawa kwa jinsia, kisha kwa umri wa miaka mitano mitano, kisha kwa kazi, umeshafika kwa mtu mmoja mmoja. Na si moja na mbili tu zinazofichua. Ikiwa kata ina kaya 12 za wahamiaji, na jedwali likaonyesha kwamba zote 12 ziko kwenye safu ya "hazina choo" na safu nyingine zina sifuri, basi kila kaya ya wahamiaji katika kata hiyo imeanikwa, ingawa hakuna hesabu ndogo iliyochapishwa.

Ahadi ya karani si hisani. Sheria ya Takwimu ya Kenya ya mwaka 2006 na ile ya Tanzania ya mwaka 2015 zote zinalinda siri ya mtu aliyetoa taarifa zake, na Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliiweka kanuni hiyo miongoni mwa misingi ya takwimu rasmi mwaka 1994. Sheria hutaja wajibu. Jinsi ya kuutimiza huku majedwali yakiendelea kuwa na faida ni kazi ya watakwimu, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana.

Njia ambayo mtu yeyote angeifikiria kwanza ni kufunika. Ofisi huweka kiwango, kwa mfano kwamba hesabu yoyote iliyo chini ya 5 isichapishwe, na mahali pake huwekwa alama. Tuijaribu njia hiyo kwa jedwali la kubuni, la kisiwa chenye kata tatu, linalohesabu watu wanaoishi na kifafa.

| Kata | Wanaume | Wanawake | Jumla |
|---|---|---|---|
| Kaskazini | 14 | 9 | 23 |
| Kati | 11 | 17 | 28 |
| Kusini | 1 | 8 | 9 |
| Jumla | 26 | 34 | 60 |

Mwanamume mmoja wa Kusini ndiye anayehitaji kulindwa. Tunafunika ile 1 kwa alama ya x na kudhani tumemaliza. Lakini mstari wa Kusini bado unaonyesha wanawake 8 na jumla ya 9, na mwanafunzi wa darasa la pili atakwambia x ni ngapi. Kwa hiyo inabidi tufunike kisanduku cha pili kwenye mstari huo, yaani ile 8. Bado haitoshi. Safu ya wanawake ina jumla ya 34, na 9 na 17 zinaonekana, kwa hiyo 8 inarudi kwa kutoa tu, na ikisharudi, 1 nayo inarudi nyuma yake. Tunafunika na 9 ya Kaskazini. Hapo mstari wa Kaskazini nao unatusaliti: 23 kutoa 14 ni 9. Tunafunika na 14.

Sasa visanduku vinne vimefunikwa na vinalindana, kila kimoja kikiwa na mwenzake kwenye mstari na mwenzake kwenye safu. Anayejaribu kupiga hesabu atagundua kwamba wanaume wa Kusini wanaweza kuwa idadi yoyote kuanzia 0 hadi 9, na hataweza kwenda mbele ya hapo. Siri imehifadhika. Lakini tazama gharama yake. Ili kumficha mtu mmoja tumeficha taarifa za watu 32 kati ya 60, na mhudumu wa afya aliyetaka kulinganisha wanaume na wanawake amebaki na kata moja tu, ya Kati, isiyo na x.

Hilo lilikuwa jedwali moja la mistari mitatu. Ofisi halisi huchapisha maelfu ya majedwali kutoka sensa ile ile, na kisanduku kilichofunikwa katika jedwali hili kinaweza kupatikana katika jedwali jingine lililopangwa kwa umri badala ya jinsia. Kuna mtego mwingine unaowapata wengi, wa mipaka. Tuseme leo imechapishwa hesabu ya wilaya nzima, na kesho shirika fulani likaomba hesabu ile ile ya wilaya bila kijiji kimoja kilichohamishiwa wilaya ya jirani. Kila jedwali peke yake lina namba kubwa zisizo na hatari. Ukitoa la pili katika la kwanza, unabaki na kijiji hicho kimoja, pamoja na watu wake wawili. Kufunika kunahitaji ofisi ikumbuke kila jedwali lililowahi kutoka nje ya milango yake, na zikiwa ofisi ambazo siku hizi humruhusu msomaji kujitengenezea jedwali lake mwenyewe kwa kompyuta, jambo hilo haliwezekani kabisa.

Nyuzilandi hutumia kufunika kwa baadhi ya takwimu zake, lakini kwa hesabu za watu katika sensa ilichagua kusogeza. Kanuni yake ni fupi. Hesabu inayogawanyika kwa 3 huachwa kama ilivyo. Isiyogawanyika hupelekwa kwenye mojawapo ya namba mbili za jirani zinazogawanyika: ile ya karibu kwa nafasi mbili kati ya tatu, na ile ya mbali kwa nafasi moja kati ya tatu. Kwa hiyo 4 mara nyingi huwa 3, na mara chache huwa 6. Ile 1 huwa 0 mara mbili kati ya tatu, na 3 mara moja. Hakuna hesabu inayosogea kwa zaidi ya 2.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini wasipeleke kila namba kwenye jirani wa karibu tu, bila habari ya bahati. Jibu lake ndilo sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi hii yote. Fikiria vijiji 90, kila kimoja kikiwa na mtu mmoja mwenye hali fulani. Ukitumia jirani wa karibu, kila 1 inakuwa 0, na ukijumlisha vijiji vyote unapata sifuri: watu 90 wametoweka nchini. Ukitumia bahati, vijiji kama 60 vitaonyesha 0 na kama 30 vitaonyesha 3, na jumla itakuwa karibu na 90. Hakuna kijiji hata kimoja kilichosemwa kwa usahihi, na bado nchi imesemwa takribani ilivyo. Kosa limetawanywa ili lijifute lenyewe kadiri unavyojumlisha, na nafasi za mbili kwa tatu na moja kwa tatu zimechaguliwa kwa sababu hiyo hasa.

Tulipitishe jedwali letu la kifafa kwenye utaratibu huo. Bahati ikitoka hivi, Kaskazini itasoma 15, 9 na jumla 24. Kati itasoma 12, 15 na jumla 27. Kusini itasoma 3, 9 na jumla 9. Mstari wa mwisho utakuwa 27, 33 na 60. Msomaji makini ataruka: Kusini kuna wanaume 3 na wanawake 9, iweje jumla iwe 9? Hakuna aliyekosea kuchapa. Kila kisanduku kimesogezwa peke yake, na jumla nayo imesogezwa peke yake kutoka kwenye jumla ya kweli. Ukiona majedwali yasiyojumlika kwa tofauti ndogo ndogo namna hii, na namba zake zote zinagawanyika kwa 3, au kwa 5 kama yanavyofanya majedwali ya sensa ya Kanada, basi umeshajua kilichofanyika hata kabla ya kusoma maelezo ya chini.

Na yule mtu mmoja wa Kusini? Kisanduku chake sasa kinasoma 3. Anayejua kanuni atasema hesabu ya kweli ni 1, 2, 3, 4 au 5, kwa sababu zote hizo zinaweza kutua kwenye 3. Akiwa mjanja zaidi atatumia jumla ya mstari: wanawake hawapungui 7, jumla haizidi 11, basi wanaume hawazidi 4. Amepunguza kidogo, lakini hajamfikia mtu. Hawezi hata kuapa kwamba yupo mmoja peke yake. Hata kisanduku chenye 0 hakimhakikishii kitu, kwa kuwa 0 inaweza kuwa imefunika 1 au 2, na wale wahamiaji wa kaya 12 nao wamepata pa kujificha, kwa sababu sifuri za safu nyingine hazina uhakika tena.

Palibaki ufa mmoja. Ikiwa kila mara jedwali linapoombwa bahati hutupwa upya, mtu mvumilivu anaweza kuomba kisanduku kile kile mara nyingi, aandike 0, 0, 3, 0, 3, 0, kisha atafute wastani. Wastani utamrudisha kwenye 1, kwa sababu utaratibu umetengenezwa usipendelee juu wala chini. Sifa ile ile inayoiokoa jumla ya taifa ndiyo inayomfichua mtu. Dawa yake ni kuifunga bahati: kundi lile lile la watu litoe jibu lile lile popote linapojitokeza. Kuanzia sensa ya 2018 Nyuzilandi husogeza namna hiyo. Australia, ambayo hutumia mbinu ya jamaa yake, huipa kila rekodi ya mtu namba yake ya nasibu. Jedwali linapotengenezwa, namba za watu walio ndani ya kisanduku huunganishwa kutoa ufunguo mmoja, na ufunguo huo ndio unaoamua hesabu isogezwe kiasi gani. Watu wale wale, ufunguo ule ule. Ukiuliza mara mia utajibiwa mara mia kwa namba moja.

Haya yote yana madhara kwa wanaotumia takwimu, na madhara hayo hayagawanywi kwa haki. Kwa Auckland, kukosea watu 2 si kitu. Kwa jumla ya Chatham pia si kitu kikubwa: 663 ya mwaka 2018 ni namba kati ya 661 na 665, na 612 ya mwaka 2023 ni kati ya 610 na 614. Mtu akisema kisiwa kimepoteza watu 51 kati ya sensa hizo mbili, ukweli uko mahali fulani kati ya 47 na 55, na hoja yake inasimama. Lakini toka mwaka 2006 hadi 2013 namba zilishuka kutoka 609 hadi 600, na hapo upungufu wa kweli unaweza kuwa 5 au 13. Ukiteremka zaidi, hadi watoto wa shule ya msingi katika kisiwa kidogo, namba ikitoka 3 kwenda 6 huenda watoto wameongezeka kwa 6 au 7, au huenda wamepungua mmoja: wanne wa kweli wanaweza kuwa wametupwa hadi 6, na watano wa kweli wametupwa hadi 3. Anayekokotoa asilimia kwa namba hizo na kuandika kwamba wanafunzi "wameongezeka kwa asilimia 100" amesema jambo ambalo jedwali halikulisema.

Kosa la pili, nalo hufanywa na watu waliosoma, ni kujumlisha vijiji ili kupata wilaya. Kila kisanduku kidogo unachoongeza kinaleta kosa lake. Hujifuta kwa sehemu, lakini si kabisa. Jumla ya wilaya ipo tayari kwenye jedwali, imesogezwa mara moja tu, na ndiyo ya kuchukuliwa. Na ambaye kweli anahitaji maelezo ya eneo dogo, kama anayepanga zahanati, ni heri aunganishe umri au miaka kadhaa na kuomba jedwali lenye visanduku vichache vikubwa kuliko kung'ang'ania safu nyingi zenye 3 na 0.

Huku kwetu suala hili lilijitokeza wazi katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019. Kwa mara ya kwanza nchi hiyo iliwahesabu huntha kama kundi lao wenyewe, mbali na wanaume na wanawake, baada ya watu hao na watetezi wao kudai kwa miaka mingi watambuliwe na dola. Walipatikana 1,524 kati ya watu 47,564,296. Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya halikusogeza namba hiyo wala kuifunika. Liliigawa kwa kaunti na kuichapisha kama ilivyo, na katika Kaunti ya Lamu, yenye watu 143,920, jedwali lilisoma wanaume 76,103, wanawake 67,813, na huntha 4.

Wanne. Jumlisha mwenyewe na utaona kila kitu kinakaa sawa mpaka mtu wa mwisho. Kwa kiwango cha ofisi nyingi duniani kisanduku hicho kingefunikwa, na huko Nyuzilandi kingesoma 3 au 6. Mimi nadhani kulikuwa na sababu nzuri ya kukiacha wazi. Watu waliopigania kuhesabiwa wasingefurahi kuona x mahali pao mara ya kwanza walipoandikwa, na namba 4 ikiwa imetawanyika katika kaunti inayoanzia visiwani hadi bara haimwelekezi mtu kwenye nyumba ya yeyote. Zaidi ya hayo haikuambatana na swali jingine. Na hapo ndipo shirika lilipokaza mkono. Kwenye majedwali ya umri huntha hawamo, na maelezo ya chini yanasema wameachwa nje kwa kuwa ni wachache mno kugawanywa kwa umri. Wanne wa Lamu wangegawanywa kwa umri wa miaka mitano mitano, karibu kila mmoja angebaki peke yake kwenye kisanduku chake, na jirani anayejua umri wa mtoto wa nyumba ya pili angeanza kupiga hesabu.

Maelezo hayo ya mstari mmoja, yaliyochapishwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali, ndiyo ningependa kuyaona zaidi. Jedwali lenye x isiyoelezwa humfanya diwani aamini kwamba serikali inaficha jambo. Likiwa na nafasi tupu, mwandishi wa habari atasoma sifuri na kuandika kwamba tatizo halipo. Sifuri ya kweli, hesabu iliyofunikwa na swali ambalo halikuulizwa kabisa ni mambo matatu tofauti, na kila moja linastahili alama yake. Ofisi ikisogeza namba zake, ni wajibu wake kuandika chini ya jedwali lenyewe, si katika kitabu cha maelekezo kisichofunguliwa na mtu, kwamba namba zimesogezwa, kwa kiasi gani kisichozidi, na kwamba mistari huenda isijumlike.

Kuna jambo ambalo maelezo ya chini hayawezi kulitibu. Kadiri sensa inavyouliza maswali mengi zaidi na kuchapisha kwa maeneo madogo zaidi, shehia kwa shehia, mtaa kwa mtaa, ndivyo majedwali yanavyozidi kupishana, na kila jedwali jipya linampa mpiga hesabu mlinganyo mmoja zaidi. Ofisi ya sensa ya Marekani ilijijaribu yenyewe kwa majedwali iliyoyachapisha baada ya sensa ya 2010. Wataalamu wake walipoyaunganisha kwa kompyuta, waliweza kuijenga upya rekodi ya mtu mmoja mmoja, ya mtaa, jinsia, umri na asili yake, kwa usahihi kamili kwa asilimia 46 ya watu zaidi ya milioni 308 waliohesabiwa. Kwa sensa ya 2020 waliacha mbinu yao ya zamani na kuanza kuongeza kelele iliyopimwa katika karibu kila hesabu iliyo chini ya jimbo, na watumiaji wa maeneo madogo wamekuwa wakilalamika tangu wakati huo kwamba mitaa yao haitambuliki tena kwenye jedwali. Wanalalamika kwa haki, na ofisi nayo ina haki.